Umeanza dawa kinga ya VVU? Hesabu siku hizi kabla hujajiona salama, na ukisahau kidonge fanya hivi

• Kidonge cha kwanza hakikulindi siku hiyohiyo. Mwanamke anahitaji angalau siku 7 za kumeza mfululizo, na ukiweza tumia kondomu hadi siku ya 21.
• Ukisahau kidonge kimoja, meza mara tu unapokumbuka. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia.
• Ukikaa zaidi ya siku 7 bila kumeza, rudi kliniki upime kwanza kabla ya kuendelea.

Mwanza. Ukikaa karibu na stendi ya mabasi Nyegezi jioni, utaona jinsi maisha ya hapa yanavyokwenda kwa safari. Dereva anaingia kutoka mbali na kesho asubuhi anaondoka. Mama lishe anafunga biashara saa 5 usiku. Mvuvi wa dagaa anakaa kambini visiwani wiki mbili au tatu, kisha mbalamwezi ikiwa kali anarudi nchi kavu na hela mfukoni, kwa sababu mwanga wa mwezi unaua kazi ya taa zake na dagaa hawasogei.

Sasa chukua mtu mwenye maisha ya namna hii, umpe chupa ya vidonge 30 na umwambie ameze kimoja kila siku ili asipate Virusi vya Ukimwi (VVU). Kumeza chenyewe si kazi. Kazi ni kujua ni lini hasa ameanza kulindwa, na afanye nini siku aliyosahau au siku chupa imebaki nyumbani na yeye yuko Ukerewe.

Dawa hiyo inaitwa PrEP, wengi hutamka "prepu", na kwenye vituo vya afya utasikia pia ikiitwa dawa kinga. Ni kwa mtu ambaye hana VVU lakini yuko kwenye mazingira ya kuvipata, kwa mfano mwenza wake anaishi na VVU, au hajui hali ya mwenza wake. Kidonge kimoja kina dawa mbili ndani yake: tenofovir, pamoja na emtrisitabini au lamivudini.

Makala hii inahusu siku tu: siku za kuanza, siku za kusahau na siku za kuacha.

Kwanini haifanyi kazi siku ya kwanza

VVU vikiingia mwilini haviwezi kuzaliana vyenyewe. Vinatafuta seli nyeupe za damu, vinaingia ndani yake na kuitumia kama kiwanda cha kujinakili. Dawa kinga inafanya kazi ndani ya seli hiyohiyo. Inakaa pale na kuzuia kazi ya kunakili, hivyo kirusi kikiingia hakiwezi kuendelea na kinakufa bila kuacha kizazi.

Hapo ndipo siku zinapokuja. Dawa lazima iwahi ndani ya seli kabla ya kirusi, na iwe ya kutosha. Kidonge kimoja kinaweka kiasi kidogo, cha kesho kinaongeza, cha keshokutwa kinaongeza tena, mpaka kiwango kinafika pale panapohitajika. Ni kama kujaza simtanki kwa ndoo: ndoo moja haijazi, na ukiacha kuongeza maji hupungua taratibu.

Tanki hilo halijai kwa kasi moja kila sehemu ya mwili. Dawa hii hujikusanya haraka na kwa wingi kwenye njia ya haja kubwa, lakini kwenye uke hujikusanya polepole na kwa kiasi kidogo zaidi. Ndiyo maana mwanamke anatakiwa kuwa makini zaidi na siku zake kuliko mwanaume, na ndiyo maana hata vidonge anavyosahau vinamgharimu zaidi.

Siku 7 au siku 21?

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu utasikia majibu mawili na yote yanatoka kwa wataalamu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mwanamke ameze kidonge kimoja kila siku kwa siku 7 kabla ya kutegemea dawa hiyo peke yake. Mamlaka za afya za Marekani, zenyewe, zinasema kwa tendo la kupitia ukeni kiwango cha juu kabisa kinafikiwa baada ya takriban siku 21. Hawa wawili hawapingani kihivyo. Wa kwanza anakwambia ni lini ulinzi unakuwa wa kutosha, wa pili anakwambia ni lini tanki limejaa kabisa.

Kwa hiyo kanuni rahisi ya kutembea nayo ni hii: siku 7 za kwanza, kondomu ni lazima. Kuanzia siku ya 8 hadi ya 21, kama kondomu inawezekana, itumie. Mhudumu wako akikwambia kliniki yao inafuata siku 21, basi fuata hiyo. Hupotezi kitu kwa kusubiri.

Kwa mwanaume kuna njia ya haraka. WHO inaruhusu aanze na vidonge 2 kwa pamoja, kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kisha aendelee na kimoja kila siku. Njia hiyo haimhusu mwanamke, kwa hiyo mwenza wako akikwambia "mimi nilimeza viwili nikawa sawa," usimuige. Na wewe mwanaume usijianzishie bila kuongea na mhudumu, kwa sababu kuna kipimo kinachotakiwa kwanza.

Kipimo hakirukwi

Kabla ya kupewa chupa ya kwanza lazima upimwe VVU. Wapo wanaoona kama wanachelewesha watu, lakini sababu yake ni nzito. Mtu anayeishi na VVU hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa tatu. Dawa kinga ina mbili tu. Kama tayari una VVU bila kujua na ukaanza kumeza dawa hizi mbili, zitavibana virusi nusunusu bila kuvimaliza nguvu, na virusi vinaweza kujifunza kuzikwepa. Baadaye ukihitaji matibabu, dawa hizo zinaweza kuwa hazikusaidii tena.

Kuna mtego mwingine. Kipimo cha haraka cha kidoleni hutafuta kinga ambazo mwili umetengeneza dhidi ya virusi, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Mtu aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kupata jibu la kutokuwa na VVU. Kwa hiyo kama wiki chache zilizopita ulifanya ngono bila kondomu na sasa una homa, koo linauma, mitoki imevimba au una vipele, mwambie mhudumu kabla hajakuandikia dawa. Huenda akakutaka usubiri na urudie kipimo.

Watakuuliza pia kuhusu figo, kwa sababu tenofovir hupita huko, na kuhusu homa ya ini aina ya B. Mwenye homa ya ini B anaweza kutumia dawa hii, lakini hatakiwi kuiacha ghafla bila daktari kujua, maana ini linaweza kushtuka.

Mfano: kalenda ya mama lishe

Tuweke haya kwenye kalenda ili yaeleweke. Chukua mfano wa dada wa miaka 26 anayeuza chakula karibu na stendi ya Nyegezi. Mwenza wake ni mvuvi wa dagaa, anakuja mjini mara moja kwa mwezi, na dada huyu hajui akiwa huko visiwani anaishi vipi.

Anapima, hana VVU, anapewa chupa ya vidonge 30. Anameza cha kwanza Jumatatu tarehe 1, saa 3 usiku.

Mwenza anafika Jumamosi tarehe 6, mchana. Hadi hapo dada amemeza vidonge 5, cha sita atameza usiku. Hajamaliza siku 7, kwa hiyo usiku huo ni kondomu. Dawa aliyokwisha kumeza haijapotea, ila bado haitoshi kusimama peke yake.

Jumapili tarehe 7 usiku anameza cha saba. Kuanzia Jumatatu tarehe 8, kwa hesabu ya WHO, ana ulinzi anaoweza kuutegemea. Kwa hesabu ya tahadhari zaidi, anamaliza siku 21 Jumapili tarehe 21.

Wiki ya kwanza anasikia kichefuchefu, tumbo linajaa gesi na kichwa kinauma kidogo. Hali hiyo huwapata baadhi ya watu, na kwa wengi huisha ndani ya wiki chache. Kosa linalofanyika hapa ni mtu kuacha siku ya nne akidhani dawa haimpendi, halafu anaanza tena siku ya kumi akiendeleza hesabu pale alipoishia. Hesabu haiendi hivyo. Siku 7 ni mfululizo.

Alhamisi tarehe 25 kuna wateja wengi, anarudi nyumbani amechoka na kulala bila kumeza. Anakumbuka Ijumaa saa 4 asubuhi. Anameza papo hapo. Ijumaa usiku saa 3 anameza cha siku hiyo kama kawaida. Ndani ya siku moja amemeza viwili, lakini kwa nyakati mbili tofauti, na hilo ni sawa. Kidonge kimoja kilichochelewa, kwa mtu ambaye ameshameza wiki tatu bila kukosa, hakimwagi tanki.

Je, kama angekumbuka Ijumaa saa 3 usiku, muda wa kidonge kingine umeshafika? Angemeza kimoja tu, akaendelea. Kumeza viwili kwa pamoja hakurudishi siku iliyopita, kunaongeza kichefuchefu tu.

Umesahau zaidi ya kimoja?

Hapa angalia ni vingapi umekosa na umekosa kwa siku ngapi.

Kimoja kwa wiki: meza ukikumbuka, endelea. Mwanamke analenga vidonge 7 kwa wiki, na 6 bado vinamweka mahali pazuri.

Viwili au zaidi ndani ya wiki moja: endelea kumeza kimoja kila siku, lakini rudi kwenye kondomu hadi utimize siku 7 mfululizo bila kukosa. Usiache dawa kwa kuona umeshaharibu.

Zaidi ya siku 7 bila kumeza kabisa: hapa hesabu imekatika. Nenda kliniki, pima VVU, kisha uanze upya kama mara ya kwanza. Turudi kwa dada yetu. Mwezi unaofuata anapata msiba Ukerewe, anaondoka haraka, chupa inabaki Nyegezi, anakaa siku 9. Akirudi, hata kama vidonge vimejaa kwenye chupa, hatua ya kwanza ni kipimo, na baada ya hapo ni siku 7 nyingine zenye kondomu.

Lakini kama katika siku hizo ambazo hakuwa anameza alifanya ngono bila kondomu, kuna saa za kuwahi. Ndani ya saa 72, yaani siku 3, anaweza kupewa dawa nyingine inayoitwa PEP. Hii ni ya baada ya tukio, humezwa kwa siku 28, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyosaidia. Kumeza PrEP iliyobaki kwenye chupa si mbadala wake. Akimaliza siku 28 na kupima, anaweza kurudi kwenye dawa kinga ya kila siku.

Utajuaje kama umemeza au hujameza?

Swali hili linasumbua hata watu makini: umelala, unashtuka usiku, hukumbuki kama ulimeza. Jibu liko kwenye chupa. Siku ya kwanza andika tarehe ya kuanza kwenye kifuniko. Dada yetu alianza tarehe 1 na vidonge 30. Usiku wa tarehe 12, kabla hajameza, anatakiwa awe amebakiza 19. Akihesabu akakuta 18, basi cha leo ameshameza. Akikuta 19, bado hajameza. Akikuta 20, na kuna siku nyingine aliiruka.

Saa ya kumeza unachagua mwenyewe, umekula au hujala. Alamu ya simu inasaidia, ila kwa mtu wa Nyegezi anayelala leo saa 4 na kesho saa 8 usiku, ni bora kufunga kidonge kwenye kitu kinachotokea kila siku hata akiwa safarini, kama kupiga mswaki asubuhi. Mvuvi anayetoka ziwani alfajiri anaweza kumeza kabla ya kulala asubuhi hiyo.

Halafu kuna suala la chupa yenyewe. Inafanana na ya ARV na inapiga kelele ukitembea nayo, kwa hiyo wengine huihamishia kwenye mfuko wa nailoni ili majirani wasiulize. Tatizo ni kwamba vidonge hivi havipendi unyevunyevu, na kile kipakiti kidogo ndani ya chupa kimewekwa kunyonya unyevu. Kiache humo. Kama kelele ndiyo shida, weka pamba kavu juu ya vidonge. Ukisafiri, mwombe mhudumu chupa ndogo yenye kifuniko kinachobana, na uchukue vidonge vya siku kadhaa zaidi ya safari, maana boti na mabasi huchelewa.

Bondo na Kisumu: ziwa moja, majibu mawili

Kama unadhani hesabu hizi ni za kutishana, angalia kilichotokea upande wa Kenya wa Ziwa Victoria.

Utafiti uitwao FEM-PrEP uliwafuatilia wanawake 2,120, wakiwemo wa Bondo, karibu na ziwa, na wa miji ya Afrika Kusini. Nusu walipewa dawa kinga halisi, nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2011 utafiti ulisimamishwa. Walioambukizwa kwenye kundi la dawa walikuwa 33, na kwenye kundi lisilo na dawa 35. Yaani karibu hakuna tofauti.

Je, dawa ilishindwa? Watafiti walipima damu. Wanawake wengi walikuwa wamesema wanameza vizuri, lakini damu zilionyesha chini ya 4 kati ya 10 ndio waliokuwa wamemeza siku za karibuni. Dawa haikuwepo mwilini, basi haikuwa na cha kuzuia.

Miaka hiyohiyo utafiti mwingine, Partners PrEP, ulifanyika Kenya na Uganda, Kisumu ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Ulihusisha jozi 4,747 za wenza ambao mmoja anaishi na VVU na mwingine hana. Hawa walimeza vizuri zaidi. Kidonge chenye dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75, na kwa wale ambao damu zao zilikutwa na dawa, ulinzi ulifika takriban asilimia 90.

Kidonge ni kilekile. Tofauti ilikuwa kwenye siku zilizomezwa.

Ukitaka kuacha

Dawa kinga si ya maisha. Ukiachana na mwenza huyo, au mwenza wako anayeishi na VVU akatumia ARV mpaka virusi havionekani tena kwenye kipimo, unaweza kuongea na mhudumu kuhusu kuacha. Ila usiache asubuhi baada ya tendo la mwisho. WHO inasema mwanamke aendelee kumeza kwa siku 7 baada ya tendo hilo, mwanaume siku 2. Baadhi ya kliniki bado husema siku 28, kama ilivyokuwa zamani, na ukiambiwa hivyo kliniki kwako fuata hivyo.

Ukiendelea, utatakiwa kurudi baada ya mwezi 1, kisha kila miezi 3, kupima VVU na kuchukua chupa nyingine. Huduma hutolewa bure kwenye vituo vya umma vinavyotoa dawa hii, na pa kuanzia kuulizia ni kliniki ya CTC. Kuingia mlango huo hakumaanishi una VVU, na wahudumu wanalijua hilo.

Kumbuka pia kwamba dawa hii inazuia VVU tu. Haizuii kaswende, haizuii kisonono na haizuii mimba. Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kuitumia, wamweleze tu mhudumu.

Kabla hujafunga simu, chukua chupa yako, hesabu vidonge vilivyobaki na ulinganishe na tarehe uliyoanza. Hesabu ikigoma, sasa unajua pa kuanzia.